"Mimi ni Neema" au "Mimi ndiye Neema"? Wa na ga unapojitambulisha kwa Kijapani

"Shikamoo mwalimu. Najifunza Kijapani mwenyewe hapa Dodoma, huu ni mwezi wa nane. Wiki iliyopita nilijitambulisha kwa wageni wawili Wajapani waliokuja ofisini kwetu. Nilisema: 'Watashi ga Neema desu. Watashi ga Dodoma kara kimashita. Dodoma ga Tanzania no shuto desu. Dodoma wa budou wa yuumei desu. Watashi wa sunde iru tokoro wa Kizota desu. Watashi wa ugali wa suki desu.' Walinielewa, ila mmoja akaniambia kwa upole kwamba wa na ga zangu karibu zote zimekaa kinyume. Kitabu changu kinasema wa ni ya mada na ga ni ya kiima. Sasa kama mada ni mimi na kiima ni mimi, nachaguaje?"

Marahaba, Neema. Swali lako la mwisho ndilo lililobeba kila kitu, kwa hiyo nianze nalo. Kitabu hakijakudanganya, ila kimekupangia pamoja vitu viwili visivyo vya aina moja, ukadhani ni pacha na kazi yako ni kuchagua mmoja. Kiima ni kazi ambayo neno linafanya ndani ya sentensi: nani kapika, nani katoka, nini kimevunjika. Mada ni kile ambacho mimi na wewe tumeshakiweka kati yetu, nami nataka kukuongezea habari juu yake. Neno moja linaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na neno jingine likawa mada bila kuwa kiima. Ndiyo maana ukijiuliza "kiima ni nani hapa?" hutapata jibu la wa na ga hata ukijiuliza mara mia.

Utaliona vizuri jikoni. "Mama amepika ugali" kwa Kijapani ni "Haha wa ugali o tsukurimashita." Tunamzungumzia mama, na habari mpya ni alichopika. Sasa chukua hali nyingine. Ugali uko mezani, watu wanakula, mtu anauliza ugali huu kapika nani. Wewe hapo hujibu "Mama amepika ugali." Unasema "Ugali ameupika mama." Umeuleta ugali mbele, ukauwekea u- yake ndani ya kitenzi, na mama ukampeleka mwisho, mahali pa jibu. Mjapani katika hali hiyo hiyo anasema "Ugali wa haha ga tsukurimashita." Ugali haujapika chochote, lakini ndio uliopata wa. Mama ndiye mpishi katika sentensi zote mbili, ila mara ya kwanza kapata wa na mara ya pili kapata ga. Mpishi hajabadilika, wala chakula. Kilichobadilika ni swali ambalo sentensi inalijibu.

(Na hapo usiisome "ugali wa haha" kwa masikio ya Kiswahili ukadhani ni ugali wa mama. Wa ya Kijapani haimiliki kitu. Kazi ya umiliki wanayo no, tena kwa mpangilio uliogeuka: "Tanzania no shuto" ni mji mkuu wa Tanzania. Wanafunzi wangu wengi hukwama hapa wiki za mwanzo, kwa sababu jicho linaona wa na moyo unasoma "mtoto wa shule".)

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujafungua mdomo ni hili: msikilizaji wangu anataka kujua nini? Kisha angalia jibu la swali hilo limekaa upande gani wa kile kijineno. Likikaa baada yake, tumia wa. Likikaa kabla yake, tumia ga. Wa inasema "kuhusu huyu unayemjua, sikiliza hiki." Ga inasema "uliyekuwa unamtafuta ni huyu hapa." Twende na sentensi zako moja moja, kwa sababu kila moja imekosea kwa njia yake.

"Watashi ga Neema desu." Hii ni sentensi sahihi ya Kijapani, haina kosa lolote la sarufi, na ndiyo sababu wageni wako hawakuweza kukueleza kwa haraka tatizo liko wapi. Maana yake ni "Mimi ndiye Neema." Sisi tuna kitu ambacho wanafunzi wa Kijapani wa lugha nyingine nyingi hawana: tunatofautisha ni na ndiye kila siku bila kufikiri. Ukikutana na mgeni mlangoni ukamwambia "Karibu, mimi ndiye Neema," atasita. Atajiuliza kama kuna mtu alimwambia amtafute Neema, au kama kuna Neema mwingine mnagombea jina. Wageni wako walisikia hivyo hivyo. Walikuwa hawajamuulizia Neema yeyote. Walikuwa wamesimama mbele ya dada wasiyemjua, na walichotaka kujua ni jina lake. Wewe tayari walikuwa wanakuona kwa macho, jina ndilo lililokuwa jipya, na jina limekaa baada ya kijineno. Kwa hiyo ni wa: "Watashi wa Neema desu." Mimi ni Neema.

Sasa sentensi hiyo hiyo yenye ga iweke mahali inapostahili. Mko kumi ukumbini, mgeni anaingia na karatasi yenye majina, anasoma: "Donata ga Neema-san desu ka?" Nani kati yenu ndiye Neema? Hapo unanyanyua mkono na kusema "Watashi ga Neema desu," au kwa ufupi "Watashi desu." Jina tayari analo, lipo kwenye karatasi yake. Asichokuwa nacho ni sura. Sura ndiyo jibu, nayo inakuja kabla ya kijineno, ndipo ga inapokaa kwa raha. Tazama pia swali lenyewe: "donata ga". Neno la kuuliza, liwe dare au donata la kuulizia mtu, nani ya Kijapani ambayo ni "nini" yetu, au dore ambayo ni "kipi", likisimama mbele mahali pa kiima, linachukua ga, halichukui wa. Sababu ni ile ile. Huwezi kumfanya mada mtu ambaye hujui ni nani. Ukijua hili, una kipimo cha mkononi: kama sentensi yako ingeweza kuwa jibu la "nani ndiye...?" au "kipi ndicho...?", weka ga. Kama ni jibu la "wewe ni nani?" au "hiki ni nini?", weka wa.

Jambo moja la sikio kabla hatujaendelea. Ukisikiliza watangazaji wa Kijapani, au wazee wa upande wa Tokyo, utasikia ga hii ikitoka puani, inakuwa ng'a kama katika ng'ombe: "watashi ng'a". Sio kijineno kingine. Wageni wa lugha nyingi huhangaika kuisikia sauti hiyo, sisi tumezaliwa nayo.

"Watashi ga Dodoma kara kimashita" ina ugonjwa ule ule: "Mimi ndiye niliyetoka Dodoma," kana kwamba kuna aliyeuliza nani katoka Dodoma. Lakini usikimbilie kubadilisha ga kuwa wa. Hapa dawa ni kuifuta "watashi" yote. Kwa Kiswahili ukisema "Mimi naitwa Neema," sentensi inayofuata huanzi tena na mimi. Unasema "Natoka Dodoma, nafanya kazi ofisi fulani," na ile na- inatosha kumbeba mwenye habari. Mtu anayesema "mimi naitwa, mimi natoka, mimi nafanya, mimi napenda" tunamsikia kama anajipigia kifua. Kijapani hakina hata hiyo na-, lakini mada ikishawekwa mara moja inaendelea kuhesabika ipo mpaka mtu aiondoe. Tena, mtu anayejitambulisha akiwa amesimama mbele ya watu hahitaji hata ile "watashi wa" ya kwanza. "Neema desu" inatosha, na ukitaka heshima zaidi, "Neema to moushimasu." Kila "watashi wa" unayoongeza bila sababu inaanza kusikika kama "mimi kwa upande wangu", kama vile unajitofautisha na mwenzako aliyesema kabla yako.

Kuna tatizo la pili katika sentensi hiyo, halihusu wa wala ga, ila siwezi kuliacha. "Dodoma kara kimashita" ni "nimekuja kutoka Dodoma". Ungekuwa Osaka, au hata Arusha, ni sawa kabisa. Ila ulikuwa umesimama Dodoma penyewe, ofisini kwenu. Mtu hawezi kuja Dodoma kutoka Dodoma. Ukiwa nyumbani sema "Dodoma shusshin desu," yaani mimi ni mtu wa Dodoma, asili yangu hapa.

Ya tatu naipenda, kwa sababu kuna siku utaihitaji kama ulivyoisema. "Dodoma ga Tanzania no shuto desu" maana yake ni "Dodoma ndiyo mji mkuu wa Tanzania." Ukiitamka bila kuulizwa, inasikika kama unajibu ubishi ambao haujatokea. Katika utambulisho wa kawaida, Dodoma imeshatajwa, na habari unayoongeza ni kwamba ni mji mkuu: "Dodoma wa Tanzania no shuto desu." Lakini safiri ukutane na Mjapani anayedhani mambo bado ni Dar es Salaam. Wapo wengi tu, ingawa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973. Atakuambia kwa uhakika: "Tanzania no shuto wa Daresusaramu desu ne." Hapo sasa wote wawili mnajua kwamba kuna mji mkuu. Kinachogombaniwa ni upi. Jibu lako ni jina la mji, na unaweza kuliweka kokote, mradi kijineno kifuate mahali ulipoliweka. Ukilianza na Dodoma, ni "Iie, Dodoma ga shuto desu," Dodoma ndiyo mji mkuu. Ukilianza na mji mkuu, ni "Iie, shuto wa Dodoma desu," mji mkuu ni Dodoma. Hii ya pili ndiyo utakayoisikia zaidi midomoni mwa Wajapani wanaposahihishana. Zisome mara mbili uone: katika zote mbili Dodoma ndilo jibu. Katika ya kwanza liko kabla ya ga, katika ya pili liko baada ya wa. Ukizielewa hizi mbili, sehemu kubwa ya safari umeimaliza.

Sasa zabibu. "Dodoma wa budou wa yuumei desu." Hapa wa ya kwanza ni sawa, ya pili ndiyo iliyoharibu. Kijapani kina sentensi ya ghorofa mbili: juu kunakaa mada yenye wa, chini kunakaa kiima chenye ga, na sifa inakwenda kwa kiima hicho. Inaonekana ngeni kitabuni, lakini sisi tunaisema mchana kutwa. Dodoma mvua ni chache. Yule mtoto macho ni makubwa. Mimi kichwa kinaniuma. Chukua hiyo ya mwisho uitazame kwa karibu. Kitenzi kimebeba ki-, kimefuata kichwa, hakikufuata mimi. Mimi nimewekwa tu pale mbele, nje ya sentensi, ili ujue kichwa hiki kinachouma ni cha nani. Mjapani anasema "Watashi wa atama ga itai desu": mimi, wa, kichwa, ga, kinauma. Dodoma mvua ni chache: "Dodoma wa ame ga sukunai desu." Na zabibu zetu: "Dodoma wa budou ga yuumei desu." Dodoma, zabibu zake ni maarufu.

Ukiweka wa pale kwenye zabibu, umezitenga. Wa ina tabia moja ambayo inazidi nguvu inaporudiwa katika sentensi moja: inalinganisha. "Dodoma wa budou wa yuumei desu" inamfikia msikilizaji kama "Dodoma, zabibu, ndiyo, ni maarufu...", halafu anabaki anasubiri umalizie na kisicho maarufu. Sidhani ulikuwa na nia ya kuusema mji wako vibaya.

Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyokutega kwenye ugali, na hapa nikuombe utulie, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapotupotosha. Sisi tunasema "napenda ugali." Mpendaji ni mimi, kinachopendwa ni ugali, na kupenda ni kitenzi. Suki sio kitenzi. Ni neno la sifa, ndiyo maana linamalizika na desu na haliwi "sukimasu". Kinachobeba sifa hiyo ni kile chakula. Kwa hiyo usianze na "napenda ugali". Anza na "mimi ugali unanipendeza", ambayo imejengwa kama "mimi kichwa kinaniuma": mimi mbele, na u- ya kitenzi imefuata ugali. Moja kwa moja unapata "Watashi wa ugali ga suki desu." Yako maneno mengine ya mkumbo huu, na yote yanataka ga kwenye kitu chenyewe: kirai kwa usichokipenda, jouzu na heta kwa unachokiweza vizuri au vibaya, hoshii kwa unachokitaka, na vitenzi viwili, wakarimasu na dekimasu, kwa unachokielewa na unachokimudu. "Nihongo ga wakarimasu": Kijapani kinaeleweka kwangu. Ukishaitafsiri kichwani kwa "kinaeleweka" badala ya "ninaelewa", ga inajileta yenyewe.

Na wewe ulisema "ugali wa suki desu". Jaribu kuisema kwa Kiswahili hivi, sauti ikipanda mwishoni: "Ugali napenda..." Mwenzako atakuangalia akingoja "lakini". Lakini nini? Wali hupendi? Mboga iliyokuja nao imekushinda? Ndicho walichosikia wageni. Ungekuwa na nia hiyo, ingekuwa Kijapani safi: "Niku wa tabemasu ga, sakana wa tabemasen," nyama nakula, samaki sili. Wa mbili, zinalinganisha, kila moja mahali pake. Ile ga iliyokaa katikati, baada ya kitenzi, ni nyingine kabisa, maana yake ni "lakini". Ga tunayoizungumza wewe na mimi hukaa baada ya jina. Ukiiona baada ya masu au desu, isome "lakini" uendelee.

Nakuongezea moja ya mkumbo huo, kwa sababu unafanya kazi na watu na utaitumia kwa nia njema. Ukitaka kumsifu mgeni wa kike kwamba amependeza, usiseme "Kyou wa kirei desu ne." Ni "Leo umependeza," kwa ile sauti inayomfanya mtu akuulize, kwani jana nilikuwaje? Kosa ni lile lile: wa imeitenga leo na siku nyingine.

Imebaki Kizota. "Watashi wa sunde iru tokoro wa Kizota desu." Ulitaka kusema "mahali ninapoishi ni Kizota". Maneno "sunde iru" hapa hayasimami kama sentensi, yanaeleza tu ni mahali gani, kama -po- yetu katika "ninapoishi". Wa haiwezi kuingia ndani ya kifungu cha namna hiyo, kwa sababu kazi yake ni kuweka jambo mbele ya msikilizaji kwa ajili ya sentensi nzima, na kifungu kinachoeleza jina hakina msikilizaji wake. Ukiingiza wa, ile "watashi wa" inaruka nje na kuitafuta sentensi kuu, na sentensi kuu inakuwa "mimi ni Kizota". Kiima cha ndani ya kifungu kinapewa ga: "Watashi ga sunde iru tokoro wa Kizota desu."

Kiswahili kina dalili yake hapa pia. Tunasema "Mama anapika ugali", mama mbele. Lakini tukiugeuza kuwa maelezo ya ugali, tunasema "ugali anaopika mama". Mama kaondoka mbele, kahamia nyuma ya kitenzi. Hakuna aliyetufundisha, ulimi wenyewe unajua kwamba ndani ya kifungu kile mama hana tena nafasi ya kuwa mada. Mjapani hana uhuru wa kumhamisha, kitenzi chake lazima kije mwisho, kwa hiyo anamwacha mama alipo na kumvua wa: "haha ga tsukuru ugali". Basi unaweza kusema "Watashi wa haha ga tsukuru ugali ga suki desu", napenda ugali anaopika mama. Wa moja, ga mbili, kila ga na sababu yake: ya kwanza ni ya mama aliye ndani ya kifungu, ya pili ni ya ugali unaobeba suki. Sentensi hii iandike kwenye karatasi uibandike mahali unapopita kila asubuhi.

Kwa Kizota, hata hivyo, nakushauri njia fupi: "Kizota ni sunde imasu." Naishi Kizota. Sio kila mlima lazima uupande.

Sasa utambulisho wako ukiwa umesimama hapo hapo ofisini:

"Hajimemashite. Neema desu. Dodoma shusshin desu. Dodoma wa Tanzania no shuto desu. Budou ga yuumei desu. Kizota ni sunde imasu. Haha ga tsukuru ugali ga suki desu. Yoroshiku onegai shimasu."

Hesabu. Mara ya kwanza ulikuwa na wa sita na ga tatu. Sasa wa imebaki moja, na ga bado ni tatu, lakini hakuna hata moja iliyobaki mahali ilipokuwa. Zabibu sikuziwekea tena "Dodoma wa" kwa sababu Dodoma imeshatandikwa kwenye sentensi iliyotangulia, na kwa Kijapani mkeka uliokwisha kutandikwa hautandikwi mara ya pili. Watashi haipo popote, na hakuna atakayeuliza anayezungumza ni nani. Ukiuandika kwa simu, kumbuka wa ya kijineno inaandikwa は, kwa hiyo unagonga ha, na ga ni が. Ukigonga wa utapata わ, na Mjapani ataona kosa hilo haraka kuliko kosa la mada.

Ukifanya mazoezi, usikariri utambulisho peke yake. Pembeni ya kila sentensi andika kwa Kiswahili swali ambalo sentensi hiyo inalijibu. Pembeni ya "Neema desu" andika "jina lako nani?" Pembeni ya "Dodoma wa Tanzania no shuto desu" andika "Dodoma ni mji gani?" Ukiona swali uliloandika linaanza kuwa "ni upi ndio...?" au "ni nani ndiye...?", simama, ga inakuja. Tahadhari moja: kipimo hiki hakitakusaidia kwenye suki na wenzake, wala ndani ya kifungu kama kile cha ugali anaopika mama. Hapo ga inakaa hata kama hakuna aliyeuliza nani wala kipi, kwa hiyo hayo mawili yakae kichwani kwako yenyewe.

Na wageni wako wakirudi, wapeleke mkale. Wakati sahani zinawekwa mezani, mmoja wao atataka kujua, kati ya vyote hivi, ugali ni upi: "Dore ga ugali desu ka?" Onyesha kwa kidole useme "Kore ga ugali desu," huu ndio ugali. Kisha shika bakuli la pembeni, ambalo hakuna aliyeliuliza, uwaambie "Kore wa mlenda desu." Huu ni mlenda.